Kalibu au mashine: hesabu ya tofali la Dodoma

Tangu Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali nzima inahamia Dodoma, tofali la saruji limekuwa biashara kubwa katika mji huo. Mtumba kumejengwa Mji wa Serikali, viwanja vimepimwa kila upande, na pembeni ya barabara za kutoka mjini utakuta vibanda vya bati, rundo la mchanga, pipa za maji na matofali yaliyopangwa juani. Viwanja vingi vya aina hii huanza na kalibu za chuma na vijana wenye nguvu. Kijana anachanganya kwa chepe, anajaza kalibu, anashindilia, anaigeuza na kuinyanyua, tofali linabaki chini likiwa bichi. Jioni yanahesabiwa na kila mmoja analipwa kwa idadi aliyofyatua.

Biashara ikikua, mwenye kiwanja huanza kufikiria mashine: ile ya umeme inayotetemesha mchanganyiko na kuugandamiza, inayotoa matofali kadhaa kwa mpigo mmoja. Muuzaji wa mashine humwambia jambo la kweli, kwamba gharama ya kila tofali itashuka. Ambalo hasisitizi ni kwamba zipo gharama nyingine zitakazopanda, nazo zitadaiwa kila mwezi, matofali yauzwe yasiuzwe. Makala haya yanahusu jinsi ya kuzipima pande hizo mbili pamoja.

Tuchukue kiwanja cha mfano, chenye tarakimu nilizozipanga ili hesabu ionekane wazi. Kinauza tofali la inchi 6 kwa shilingi 1,500. Kwa njia ya kalibu, mfuko wa saruji wa shilingi 16,000 unatoa matofali 32, kwa hiyo saruji ni shilingi 500 kwa tofali. Mchanga ni 250, ujira wa kufyatua 200, maji pamoja na kupanga, kumwagilia na yanayovunjika ni 100, na kupakia kwenye gari 50. Jumla ni shilingi 1,100. Hizi ndizo gharama zinazobadilika: tofali lisipofyatuliwa, hazipo.

Kuna kundi la pili. Kodi ya eneo ni shilingi 500,000 kwa mwezi, msimamizi analipwa 500,000, mlinzi 300,000, na leseni, simu na mengineyo 300,000. Jumla ni shilingi 1,600,000. Mvua inyeshe au jua liwake, wateja wajae au wapotee, fedha hiyo inatoka. Hizi ni gharama za kudumu.

Sasa angalia tofali moja linapouzwa. Zinaingia shilingi 1,500, zinatoka 1,100 zilizolitengeneza, zinabaki 400. Hizo 400 bado si faida. Wahasibu huziita mchango, kwa sababu kila tofali linachangia 400 kwenye kapu la kulipia kodi, msimamizi, mlinzi na mengineyo. Kapu hilo linahitaji 1,600,000. Gawanya kwa 400, unapata matofali 4,000. Hayo ndiyo mauzo ya kurudisha gharama: ukiuza 4,000 kwa mwezi hujapata faida wala hasara, na mauzo yako ni shilingi milioni 6. Tofali la 4,001 ndilo la kwanza kukuletea faida, na kuanzia hapo kila tofali linakupa 400 kamili.

Hesabu hii ni fupi, lakini wengi hukosea kwenye kuainisha gharama kabla hata ya kugawanya. Kijana anayelipwa kwa tofali yuko kwenye gharama zinazobadilika. Kijana huyo huyo akianza kulipwa mshahara wa mwezi, amehamia kwenye gharama za kudumu, hata kama kazi yake haijabadilika hata kidogo. Swali la kujiuliza ni moja tu: mwezi ambao sijauza kitu, nitamlipa?

Tuilete mashine. Bei yake, pamoja na kuifunga na kuvuta umeme, tuseme ni shilingi milioni 48, na itafanya kazi miaka 5 kabla ya kuchakaa. Ukiigawa kwa miezi 60, uchakavu wake ni shilingi 800,000 kwa mwezi. Waendeshaji na wasaidizi wao sasa wameajiriwa kwa mshahara, jumla 900,000. Matengenezo na vipuri 200,000. Ongeza kwenye zile 1,600,000 za awali, gharama za kudumu zinafika 3,500,000 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili.

Upande wa pili unapungua. Kwa kuwa mashine inagandamiza vizuri na mchanganyiko unapimwa sawasawa, mfuko wa saruji unatoa matofali 40, kwa hiyo saruji inashuka hadi 400 kwa tofali. Mchanga unabaki 250. Ujira wa kufyatua umeondoka, umeingia umeme wa shilingi 40. Yanayovunjika ni machache, hivyo maji, kupanga na upotevu ni 60. Kupakia bado 50. Jumla ni 800, na mchango wa kila tofali umepanda kutoka 400 hadi 700.

Gawanya 3,500,000 kwa 700: matofali 5,000, yaani mauzo ya shilingi milioni 7.5. Gharama ya tofali imeshuka kwa shilingi 300, lakini idadi ya chini ya kuuza kabla ya kuona faida imepanda kwa matofali 1,000. Mambo haya mawili huja pamoja, na mwenye kiwanja anayelitazama la kwanza peke yake anaweza kununua mashine nzuri kwa soko ambalo halipo.

Kiwanja chetu kwa sasa kinauza wastani wa matofali 8,000 kwa mwezi. Kwa kalibu, mchango wote ni 3,200,000, ukitoa 1,600,000 faida ni 1,600,000. Kwa mashine, mchango ni 5,600,000, ukitoa 3,500,000 faida ni 2,100,000. Mashine inashinda kwa nusu milioni. Lakini iko idadi ambayo njia zote mbili zinatoa faida ile ile. Mashine imeongeza gharama za kudumu kwa 1,900,000 na kuokoa 300 kwa kila tofali. Gawanya, unapata kama matofali 6,333. Chini ya hapo kalibu ina faida zaidi, juu ya hapo mashine. Namba hii ya tatu hupuuzwa mara nyingi, nami naiona kuwa muhimu kuliko ile ya 5,000, kwa sababu anayeuza matofali 5,500 kwa mashine anajiona yuko salama, kumbe kwa kalibu angepata faida ya 600,000 badala ya 350,000.

Hapa ndipo kinapokuja kipimo cha pili. Ukitaka kunyanyua jiwe kwa mtaimbo, urefu wa mtaimbo unaamua jiwe litapanda kiasi gani unaposukuma kidogo. Gharama za kudumu hufanya kazi hiyo katika biashara: mauzo yakisogea kidogo, faida inasogea zaidi. Kiasi cha hiyo "zaidi" ndicho wataalamu wa fedha hukiita kiwango cha wenzo wa uendeshaji. Kukipata, unachukua mchango wote wa mwezi na kuugawa kwa faida ya mwezi kabla ya riba na kodi ya mapato.

Kwa kalibu, 3,200,000 gawanya kwa 1,600,000 ni 2. Kwa mashine, 5,600,000 gawanya kwa 2,100,000 ni kama 2.67. Maana yake ni kwamba idadi ya matofali ikipanda au kushuka kwa asilimia moja, faida ya kalibu inasogea kwa asilimia 2, na ya mashine kwa asilimia 2.67.

Tujaribu. Mauzo yapande kwa asilimia 25, kutoka 8,000 hadi 10,000. Faida ya kalibu inatoka 1,600,000 hadi 2,400,000, ongezeko la asilimia 50. Ya mashine inatoka 2,100,000 hadi 3,500,000, ongezeko la karibu asilimia 67. Sasa yashuke kwa asilimia 25, hadi 6,000. Kalibu inabaki na 800,000, mashine inabaki na 700,000. Mwenye mashine, aliyekuwa mbele kwa nusu milioni, amepitwa. Na mauzo yakianguka hadi nusu, matofali 4,000, mwenye kalibu hapati kitu wala hapotezi kitu, mwenye mashine anapoteza 700,000.

Kipimo hiki kina tabia mbili ambazo mtu akizielewa hatahitaji kukariri kanuni. Ya kwanza: si sifa ya kudumu ya biashara yako, kinabadilika kulingana na mahali ulipo. Kiwanja cha mashine kikiuza 5,500 tu, mchango ni 3,850,000 na faida 350,000, kwa hiyo kipimo kinaruka hadi 11. Mauzo yakipungua asilimia 10 tu, faida yote inatoweka na hasara inaanza. Kadiri unavyosogelea mauzo ya kurudisha gharama, ndivyo kipimo kinavyokuwa kikubwa, na ukiwa hapo hapo hakina maana tena kwa kuwa faida ni sifuri. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kipimo cha biashara yake ni 3 hajakuambia kitu mpaka aseme ni kwa mauzo ya kiasi gani.

Tabia ya pili naipenda kwa sababu inaviunganisha vipimo vyote viwili. Mwenye mashine anauza 8,000 na anahitaji 5,000 kurudisha gharama. Amebakiwa na nafasi ya matofali 3,000, yaani asilimia 37.5 ya mauzo yake, kabla hajagusa hasara. Mwenye kalibu ana nafasi ya 4,000 kati ya 8,000, asilimia 50. Gawanya 1 kwa 0.375, unapata 2.67. Gawanya 1 kwa 0.5, unapata 2. Ni zile zile. Kipimo cha wenzo ni ile nafasi ya usalama iliyogeuzwa juu chini. Kwa hiyo mwenye kiwanja asiyependa majina ya kitaalamu anaweza kujiuliza tu: mauzo yangu yakishuka kwa asilimia ngapi naanza kula mtaji? Akilijibu hilo, kipimo kingine amekwisha kukijua.

Dodoma swali hilo lina majira yake. Mvua za huko huanza karibu na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Wajenzi wengi husimama, magari hukwama kwenye viwanja vipya visivyo na barabara, mchanga wa makorongoni unakuwa shida kuchota yakijaa maji, na watu wengi hugeukia mashamba. Januari nayo ina ada za shule. Wastani wa 8,000 kwa mwezi unaweza kuficha miezi mitatu ya 4,000. Kwenye hesabu ya mwaka mzima hilo si tatizo, kwani miezi mizuri itafidia. Tatizo ni kwamba benki haikusanyi rejesho lake kwa wastani.

Hapo inabidi tutofautishe hasara ya kwenye daftari na ukata wa fedha mkononi. Uchakavu wa 800,000 ni gharama ya kweli, lakini hakuna mtu anayekuja kuuchukua mwisho wa mwezi. Rejesho la mkopo anakuja mtu kulichukua. Tuseme mashine imenunuliwa kwa mkopo, na rejesho, deni na riba pamoja, ni 1,500,000 kwa mwezi. Ondoa uchakavu kwenye 3,500,000, weka rejesho mahali pake: fedha zinazotoka kila mwezi ni 4,200,000. Gawanya kwa 700, ni matofali 6,000. Hayo ndiyo mauzo ya kurudisha gharama kwa fedha taslimu, na ndiyo anayopaswa kuyaangalia mwenye deni. Anayeuza 5,500 kwa mwezi ana faida kwenye vitabu, na bado anashindwa kulipa benki.

Kwa miezi ya mvua ya matofali 4,000, upungufu wa fedha ni 1,400,000 kila mwezi, na kwa miezi mitatu ni 4,200,000. Fedha hiyo lazima iwepo kabla mvua haijaanza. Ndiyo maana mwezi wa kununua mashine una uzito sawa na bei yake. Ikifungwa Mei, ina miezi saba hivi ya kiangazi ya kukusanya akiba. Ikifungwa Novemba, rejesho la kwanza, la pili na la tatu vyote vinaangukia matopeni.

Kufikia hapa msomaji anaweza kuona kama kwamba mashine ni hatari na kalibu ni usalama. Inategemea ni msukosuko gani unaouogopa. Kila nilichosema juu ya kipimo cha wenzo kinahusu idadi ya matofali yanayouzwa. Bei ikitikisika mambo hugeuka. Chukua ushindani ulioshusha tofali hadi shilingi 1,400, huku wote wakiendelea kuuza 8,000. Mchango wa kalibu unashuka kutoka 400 hadi 300, faida inakuwa 800,000, imekatika nusu. Mchango wa mashine unashuka kutoka 700 hadi 600, faida inakuwa 1,300,000, imepungua kwa asilimia 38. Saruji ikipanda ni vivyo hivyo, tena vibaya zaidi kwa kalibu, kwa kuwa inatumia saruji nyingi kwa kila tofali. Mwenye mchango mwembamba huumizwa na bei. Mwenye gharama nene za kudumu huumizwa na uchache wa wateja. Na mahali ambapo viwanja vingi vinanunua mashine kwa wakati mmoja, bei hushuka kweli, kwa sababu kila mwenye mashine akikosa wateja yuko tayari kuuza kwa chochote kinachozidi shilingi 800. Kwake, tofali la shilingi 1,200 bado linachangia 400. Mwenye kalibu kwa bei hiyo anabaki na 100.

Hapo hapo kuna mtego wa bei. Wapo wanaogawa gharama zote kwa idadi ya matofali ya mwezi ili kupata gharama ya tofali moja. Kwa mashine, mwezi wa 8,000 inatoka kama shilingi 1,238. Mwezi wa 4,000 inatoka 1,675, zaidi ya bei ya kuuzia. Mtu akiiamini namba hiyo atapandisha bei mwezi wa mvua, wateja wachache waliobaki wataondoka, na gharama ya tofali itaonekana kupanda tena. Kilichopanda hapo si gharama. Ni kodi, uchakavu na mishahara ile ile iliyogawiwa matofali machache.

Hesabu yote hii inashika ndani ya mipaka. Inachukulia kwamba bei haibadiliki ukiuza zaidi, kumbe mteja wa fuso nzima atataka apunguziwe. Inachukulia gharama za kudumu zinakaa pale pale, kumbe ukipita uwezo wa mashine, au eneo la kukaushia likijaa kwa sababu tofali linahitaji kumwagiliwa siku kadhaa kabla ya kupakiwa, utakodi kiwanja cha pili na kodi itapanda kwa mkupuo. Na kuna akiba ya kwenye karatasi ambayo haifiki kwenye mfuko wa saruji. Mashine ikiingia lakini vijana wakaendelea kuchanganya kwa mazoea, mfuko utaendelea kutoa matofali 32. Saruji inabaki 500, mchango ni 600 badala ya 700, na mauzo ya kurudisha gharama yanapanda kutoka 5,000 hadi kama 5,833. Dalili yake haihitaji mhasibu: hesabu mifuko mitupu ya wiki, hesabu matofali ya wiki, gawanya. Kuna na jaribu la kupitiliza upande wa pili, kubana saruji mpaka tofali linakatika pembe likishushwa garini. Hilo linarudi kama upotevu, au kama mteja asiyerudi.

Kwa kiwanja chetu, mimi ningeinunua mashine endapo miezi mingi ya mwaka inapita 6,333 na akiba ya mvua ipo, lakini ningebadilisha jambo moja kabla ya kusaini: mishahara ya waendeshaji. Badala ya 900,000 za kudumu, wakubaliane mshahara wa msingi wa jumla 300,000 na shilingi 75 kwa kila tofali zima linaloweza kuuzwa. Gharama za kudumu zinashuka hadi 2,900,000, gharama ya tofali inapanda hadi 875, mchango ni 625. Kwa mauzo ya 8,000 faida haibadiliki, ni 2,100,000 ile ile, na waendeshaji wanapata 900,000 zile zile. Lakini mauzo ya kurudisha gharama yanashuka kutoka 5,000 hadi 4,640, na kipimo cha wenzo kutoka 2.67 hadi 2.38. Mwezi wa matofali 4,000 hasara ni 400,000 badala ya 700,000. Mwezi wa 10,000 faida ni 3,350,000 badala ya 3,500,000, na tofauti hiyo ya 150,000 imekwenda kwa waliofyatua. Sehemu ya mzigo wa mvua imehamia kwao, hivyo mshahara wa msingi usiwe mdogo kiasi cha kuwakimbiza Januari, kwa sababu fundi aliyeizoea mashine hapatikani Mei kwa siku moja.